Shati Jekundu na Jirani Yake

Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika karakana moja ya Paris, wanawake zaidi ya 200 waliketi na brashi nyembamba wakipaka rangi filamu za Georges Méliès, fremu moja baada ya nyingine. Mwenye karakana, Elisabeth Thuillier, aliwagawia kazi kwa rangi. Huyu alipaka nyekundu tu, akimaliza utepe unakwenda kwa mwenzake wa kijani, kisha kwa yule wa njano. Picha yenyewe ilikuwa na upana wa milimita 25 hivi, na gauni la mchezaji ndani yake mara nyingi halikuzidi punje ya mchele. Mkono ukiteleza kidogo tu, wekundu wa gauni uliingia shingoni. Ukutani, picha ilipokuzwa, kosa hilo lilikuwa doa kubwa linalorukaruka kwenye uso wa mtu.

Ukitazama filamu hizo leo utaona rangi inavyotokota pembezoni mwa nguo, fremu hii imezidi, inayofuata imepungua. Kubadili rangi ya gauni hakukuwashinda wale wanawake, wala hakujamshinda mtu tangu siku hizo. Taabu ni kujua gauni linaishia wapi. Historia yote ninayoisimulia hapa ni historia ya mpaka huo.

Kampuni ya Pathé, katika kiwanda chake cha Vincennes, ilijaribu kuufunga mpaka kwa kiolezo. Fundi aliitazama picha iliyokuzwa, akafuata ukingo wa nguo kwa kijiti, na mkono wa mashine ulioungana na kile kijiti ukakata tundu la umbo lilelile, kwa udogo wake, kwenye utepe mwingine wa filamu. Kila rangi ilikuwa na utepe wake wa matundu. Utepe huo ukalazwa juu ya nakala, ukanda wa mahameli uliolowa rangi ukapita juu yake, na rangi ikaingia palipokatwa tu. Kukata kiolezo kulichukua muda mrefu, lakini kikishapatikana kilitumika kwa nakala nyingi, na uso wa mtu ukasalimika kwa sababu ulikuwa umefunikwa. Msomaji aliweke akilini neno hilo kiolezo, maana litarudi.

Filamu ya rangi ilipokuja, jambo la ajabu lilitokea: uwezo wa kubadili nguo moja ukapotea. Kamera ya Technicolor ya miaka ya 1930 ilinasa rangi zote kwa pamoja, na zilivyonaswa ndivyo zilivyobaki. Ndiyo maana kampuni hiyo iliwapelekea watayarishaji mshauri wa rangi pamoja na kamera. Maarufu kati yao ni Natalie Kalmus, ambaye jina lake limo kwenye filamu chungu nzima za wakati ule. Kazi yake ilifanyika kabla kamera haijazunguka: kitambaa hiki hapana, pazia lile litaligombanisha gauni, shati jeupe mno litiwe rangi kidogo lising'ae. Mwaka 1939, katika filamu ya The Wizard of Oz, viatu vya Dorothy vilikuwa vyekundu ilhali katika kitabu cha L. Frank Baum vilikuwa vya fedha. Waliona wekundu utapendeza zaidi mbele ya Technicolor, wakashona viatu vyekundu. Baada ya hapo nafasi nyingine isingekuwepo.

Maabara ilikuwa na kitu kimoja tu cha kuchezea, nayo ni taa. Mwaka 1961 Bell & Howell walitoa mashine ya kuchapia nakala iliyogawa mwanga kwenye nyekundu, kijani na bluu, kila mmoja ukiwa na ngazi kutoka 1 hadi 50. Fundi aliitazama picha, akasema ongeza mbili za nyekundu, toa moja ya bluu. Alikuwa stadi kwelikweli, lakini taa yake iliangaza fremu nzima. Akipunguza nyekundu ili shati lipoe, na mvaaji wake anapauka kama aliyetoka wodini. Hilo ndilo sahihisho la kwanza, la jumla, na mpaka leo ndilo linaloanza katika kila kazi. La pili, lile la kuigusa rangi moja na kuziacha nyingine, lilizaliwa kwingine kabisa: kwenye televisheni.

Televisheni ilihitaji kugeuza filamu kuwa mawimbi ya umeme, na rangi ikishakuwa umeme hupimika. Mwelekeo wa rangi unakuwa pembe kwenye duara, na ukolezi wake unakuwa umbali kutoka katikati. Kifaa kinachoonyesha duara hilo huitwa vektaskopu. Nyekundu inakaa karibu na nyuzi 104, njano 167, kijani 241, na bluu iko upande wa pili kabisa, nyuzi 347. Mhandisi akiweza kutenga mawimbi ya pembe fulani, ameshapata kiolezo ambacho hakikatwi na mtu. Popote penye pembe hiyo, geuza, kwingine acha.

Mashine za mwanzo za aina hiyo zililigawa duara vipande sita: nyekundu, njano, kijani, samawati, bluu na zambarau. Kule Florida, mafundi wa studio ya Video Tape Associates walijitengenezea mtambo wao mwaka 1982, wakauita The Wiz, na mwaka 1984 ikazaliwa kutoka hapo kampuni ya da Vinci, ambayo jina lake lingekuja kuwa kama ugali katika kazi hii. Aliyeketi mtamboni alikuwa na vifundo vya kila kipande. Nyasi zimefifia? Zungusha kijani. Mbingu imepauka? Zungusha samawati na bluu. Watengenezaji wa matangazo walifurahi kuliko wote, kwani rangi ya kopo la soda sasa iliweza kulingana na ile ya lebo.

Kisha wakaletewa shati jekundu.

Hapa sharti nieleze kuhusu ngozi, maana ndiyo moyo wa habari. Ngozi ya binadamu, iwe ya Mnorwe au ya Mmakonde, hukaa karibu na mstari mmoja kwenye vektaskopu, nyuzi 123 hivi, kati ya nyekundu na njano. Sababu ni kwamba rangi zake zinatoka penye mambo mamoja: damu iliyo chini yake na melanini iliyo ndani yake. Weusi na weupe wetu unaonekana zaidi kwenye kiasi cha mwanga unaorudi na kwenye ukolezi, si kwenye pembe. Nimewahi kuwawekea wanafunzi picha za watu watatu wa rangi tofauti kabisa, nikawafichia picha nikawaachia vektaskopu peke yake. Hawakuweza kusema yupi ni yupi.

Sasa fanya hesabu. Nyekundu ni 104, ngozi ni 123. Jirani hawa wametengwa na nyuzi 19 tu, ilhali kipande kimoja kati ya vile sita kina upana wa nyuzi 60 hivi. Ukigeuza kifundo cha nyekundu, midomo, mashavu na viganja vinalifuata shati popote liendako. Ndiyo maana shati la bluu lilibadilishwa tangu mapema bila kelele, na lile jekundu likawa jinamizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 da Vinci walitoa dawa mbili. Ya kwanza waliiita Kilovectors: badala ya vipande sita vilivyopangwa kiwandani, fundi alichagua mwenyewe pembe na upana wake, hata ukawa mwembamba sana. Ya pili, Power Windows, ilikuwa umbo la duara au la mraba linalowekwa juu ya picha ili sahihisho lifanye kazi ndani yake tu. Kwa maoni yangu dawa ya pili ndiyo iliyoleta mapinduzi, ingawa ya kwanza ndiyo husifiwa zaidi. Pembe peke yake haijui kama wekundu ni wa shati au wa ulimi. Dirisha halijui rangi, lakini linajua mahali. Ukiziunganisha unapata amri ambayo haikuwahi kuwepo: wekundu, lakini ule ulio hapa tu.

Yote hayo yalibaki ya televisheni. Sinema ilikuwa bado inachapwa kwa taa. Mwaka 1993, Steven Spielberg alipotaka koti la mtoto mmoja liwe jekundu ndani ya Schindler's List, filamu isiyo na rangi, vipande hivyo vilipigwa kwa filamu ya rangi, na mipaka ya koti ikachorwa fremu kwa fremu. Karibu karne nzima ilikuwa imepita, na kazi ilifanana sana na ile ya karakana ya Bibi Thuillier.

Mlango ulifunguliwa na mashine ya Spirit DataCine, iliyoweza kuisoma filamu nzima kwa ubora wa kurudishiwa kwenye sinema. Studio ya Cinesite iliiunganisha na mtambo wa rangi wa MegaDef, kazi ya Pandora ya Uingereza. Pleasantville ya mwaka 1998 ikapita hapo: ilipigwa yote kwa rangi, kisha ndani ya mji wake wa kale rangi ikanyonywa na kurudishwa kidogokidogo, waridi moja hapa, uso mmoja pale. Picha zilizofanyiwa kazi zilikaribia 1,700. Wahusika wenye rangi walikaa meza moja na wasio na rangi, na kwa hiyo pembe pekee isingefaa kitu: ngozi mbili za nyuzi 123, moja ibaki, nyingine ife. Ilibidi zitengwe kwa mchoro.

Filamu iliyofuata ndiyo ninayoipenda zaidi. Kiangazi cha 1999 ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, walikwenda Mississippi kupiga O Brother, Where Art Thou? Hadithi ni ya miaka ya 1930, ya vumbi na jua kali, nao walitaka picha ifanane na postikadi kuukuu. Lakini Mississippi wakati huo ni kijani kitupu, miti imeshiba mvua. Mpiga picha wao, Roger Deakins, alijaribu njia za kemikali za maabara. Zilipunguza rangi zote, nyuso zikiwemo, na kijani kikabaki kijani, ila kimesononeka tu.

Akahamia Cinesite, akaketi kwa wiki kadhaa na fundi wa rangi Julius Friede. Walichofanya ni kuutenga ule mkanda wa kijani na kuusukuma kuelekea njano, mpaka majani yakawa kama makuti yaliyokaukia paani. Bluu ya ovaroli haikuguswa, kwa kuwa iko mbali. Nyuso ziliachwa. Lakini tazama njia majani yalikopelekwa: kutoka 241 kurudi nyuma kupitia 167, yakiielekea 123. Njano iliyokauka ni jirani wa ngozi kwa upande wa pili. Ukizidisha, watu wanazama ndani ya mandhari, wote rangi ya mkate mkavu. Deakins aliweza kujua pa kusimama, na filamu hiyo ya mwaka 2000 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kupitishwa nzima kwenye kompyuta kwa ajili ya rangi. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo.

Bei ndiyo iliyofunga mlango kwa sisi wengine. Mtambo wa da Vinci, pamoja na meza yake ya vifundo, uliuzwa kwa dola laki kadhaa. Mwaka 2009 kampuni ya Australia, Blackmagic Design, iliinunua da Vinci. Mwaka 2010 ikaanza kuiuza programu ya da Vinci, Resolve, kwa dola 995, na mwaka 2011 ikatoa toleo la bure. Hivyo ndivyo kiolezo cha Vincennes kilivyofika hadi kwenye kompyuta yangu yenye feni inayolia kama pikipiki.

Na pikipiki ndiyo iliyonileta kwenye shati langu. Tulipiga tangazo la simu nje kidogo ya Morogoro. Dereva wa bodaboda anasimama kando ya barabara ya vumbi jekundu, anapokea simu, anacheka. Alivaa shati lake mwenyewe, jekundu. Siku tatu baadaye mteja akang'aka: rangi hiyo ni ya mshindani, liwe kijani. Mtayarishaji akanipigia. "Kaka, si unabonyeza tu?"

Picha ilikuwa ya sekunde sita, yaani fremu 150. Nikaanza na sahihisho la jumla, nikalinganisha mwanga na kuondoa umanjano wa jioni, maana kuchagua rangi kwenye picha iliyopinda ni kupima nguo kwa futi iliyovutika. Kisha nikafungua nodi mpya, nikachukua Qualifier, nikagusa kifuani penye mwanga wa kati. Nikabonyeza Shift+H. Amri hiyo huonyesha kilichochaguliwa na kukifanya kingine chote kijivu.

Lilitokea shati. Ikatokea na midomo ya dereva, kiganja kilichoshika simu, taa ya nyuma ya pikipiki, na nusu ya barabara.

Nikabana Hue. Barabara ikaondoka kidogo, lakini kabla midomo haijaachia, shati lenyewe likaanza kutoboka. Nikaigeukia Saturation, kwa sababu kitambaa cha kiwandani huwa kimekolea kuliko ngozi na kuliko udongo. Nilipopandisha kiwango cha chini, midomo na vumbi vikatoka. Tatizo ni kwamba shati halina rangi moja. Begani, jua lilipolipiga, wekundu ulikuwa umepauka karibu na weupe. Kwenye mikunjo ulikuwa umezama kwenye giza. Sehemu zote mbili zina ukolezi mdogo, nazo zikatoka pamoja na midomo. Picha ikisimama huoni ubaya mkubwa. Icheze: pembezoni mwa matundu kuna vitone vinavyotokota kama uji. Ukiona hivyo, jua umebana mno.

Basi nikaacha kuidai pembe kazi isiyo yake. Nililegeza ukolezi mpaka bega na mikunjo vikarudi kamili, halafu nikachora Power Window kukizunguka kiwiliwili, chini ya kidevu na ndani ya mikono, nikaikabidhi kwa Tracker imfuate dereva anapoinama. Barabara na taa zikabaki nje ya dirisha. Kiganja hakikubaki, kwa kuwa simu ilipita mbele ya kifua kwa fremu 14. Hapo nilichora dirisha la pili la kutoa, nikalisogeza kwa mkono fremu kwa fremu. Nilimkumbuka Bibi Thuillier, nami sina hata wenzangu 200.

Kugeuza rangi kwenyewe kulichukua dakika mbili, kukaleta jambo ambalo wengi hawalitegemei. Wekundu uliokolea huwa na mwanga mdogo kwa jicho; kijani chenye mwanga uleule kinaonekana kama jani la mwembe kivulini. Mteja alitaka kijani cha nembo yake, kinachong'aa. Ilibidi nipandishe mwanga wa kitambaa, na kila nilipopandisha, chengachenga zilizojificha kwenye mikunjo zikapanda nazo. Tukakubaliana katikati. Wakati wote jicho langu moja lilikuwa kwenye vektaskopu. Nilizima na kuwasha nodi kwa Ctrl+D: lile wingu la shati linaruka kwenda kijani na kurudi, na utambi mdogo wa ngozi kwenye 123 unapaswa kutulia kabisa. Ukitikisika, kuna mahali umevuja.

Haukutikisika, na bado uso ulionekana wa uongo. Ilinichukua muda kujua kwa nini. Jua lilikuwa limeligonga shati na kuutupa wekundu wake chini ya kidevu na ndani ya viwiko. Sasa shati ni kijani, lakini shingo ingali inamulikwa na shati jekundu ambalo halipo tena. Nikafungua nodi nyingine yenye dirisha dogo laini chini ya kidevu, nikautoa ule wekundu kidogo sana. Nisingeweka kijani pale. Ngozi ikitiwa kijani hata chembe, mtu anaonekana mgonjwa.

Kilichonishinda ni ukingo. Kamera tuliyokodi ilirekodi kwa 4:2:0, maana yake kila pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi, ingawa kila moja ina mwanga wake. Jicho halijali, bali Qualifier inajali, kwa kuwa mpaka wa rangi kwenye faili ni wa ngazingazi na hauendi sawa na mpaka wa shati. Nililainisha kiolezo kwa Blur Radius. Kidogo mno, uzi mwekundu ukabaki begani. Nilipozidisha, kijani kikamwagikia shingoni. Kati ya hayo mawili nilichagua uzi, kwa sababu nyuma ya bega kuna vumbi jekundu na mtazamaji hataona.

Tangazo lilirushwa. Siku hizi nikienda kwenye upigaji picha, ndani ya begi la kamera nabeba mashati mawili ya bluu, moja la saizi ya kati na moja kubwa.